Ubeti wa Chungu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimetuma ubeti wa leo kwenye kundi saa kumi na moja na nusu kamili. Nje ukungu, Katandala yote haionekani. Vidole baridi hata kubonyeza shida.

Jembe halina hasira
shamba halina kinyongo
alimaye kwa subira
hushibishwa na udongo.

Mizani nane kila mstari. Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Juu nimeweka mstari wa masomo ya siku, maneno yasiyozidi kumi na tano — ukizidi, watu wanapita. Chini jina langu: Epifania. Basi. Mtu anausoma chai haijachemka.

Watu themanini na watatu kwenye kundi la jumuiya. Kufikia saa moja, makopakopa ishirini na sita. Wifi yangu Victoria amesoma saa 11:32 (nimebonyeza ujumbe, nikaangalia maelezo). Hakuweka kitu. Hata kidole gumba! Ndiye katibu wa jumuiya, ndiye admini peke yake, na ndiye dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Vyeo vitatu, moyo hata nusu.

Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Nimetuma kabla ya misa:

Majivu ya paji hili
hayafichi yaliyomo
funga na yako kauli
mfungo hauna domo.

Mara ya kwanza herufi nzito zilikataa. Niliacha nafasi kati ya nyota ya kunenepesha herufi na neno, zikabaki nyota tupu zimesimama kama miba. Na nilisahau kwamba kila mstari unataka nyota zake, mbele na nyuma. Nyota za mstari wa kwanza hazivuki kwenda wa pili. Nikahariri haraka. Unapewa dakika kumi na tano tu, zikipita imeganda.

Baada ya misa Victoria kanisimamisha mlangoni, majivu usoni bado mabichi.

— Domo ni nani?
— Wifi, shikamoo kwanza.
— Marahaba. Domo ni nani?

Nikamwambia domo ni domo la mtu yeyote. Akasema anajua kusoma. Watu walikuwa wanatazama.

Haikuwa kwake. Naapa. Nilikuwa natafuta kina cha kulingana na "yaliyomo".

Basi — lilipokuja neno domo, nilicheka kidogo.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Victoria naye ameanza kutunga! Saa kumi na moja na robo, ili anitangulie. Mashairi gani haya. Mstari wa kwanza una mizani kumi na moja, wa pili kumi na nne, kwenye kioo cha simu unakatika katikati na neno moja linabaki peke yake chini kama yatima. Maua kumi na mawili. Yote kwa herufi nzito, kama mtu anayepiga kelele. Na mrefu mpaka simu imeukata, imeandika *Soma zaidi*. Nani atabonyeza soma zaidi na ng'ombe wanangoja kukamuliwa?

Makopakopa thelathini na moja.

Thelathini na moja!

Jumamosi, 8 Machi 2025

Kutwa nzima cherehani. Wiki tatu zilizopita Lucia wa nyumba ya tatu alileta gauni la binti yake Sharon nilitanue kiunoni, leo kaleta la pili. Sharon ana miaka kumi na tisa, yuko nyumbani tangu Januari, chuo cha ualimu kasimamisha, wanasema vidonda vya tumbo. Nimempima. Sikuuliza. Fundi hupima, hasemi.

Jioni nimepigiwa simu kutoka kijijini Chala. Shamba la ulezi la Nestory wangu — lile alilolifyeka kwa mikono yake — kuna mtu analima. Anaitwa Urbano. Kasema amekodishwa na dada wa marehemu tangu Novemba. Wifi yangu Victoria! Msibani alinishika mkono akasema shamba la kaka halitaguswa mpaka ukoo ukae.

Nimempigia. Hapokei. Yuko hewani, naona "mtandaoni" hapo juu, hapokei.

Jumapili, 9 Machi 2025

Nimemkamata nje ya kanisa. Nimemuuliza Urbano ni nani. Kasema haya si mambo ya kuzungumza mbele ya watoto wa Mungu. Nikasema basi tuzungumze nyuma yao. Akaondoka.

Mzee Alois, mwenyekiti wa jumuiya, kasema tulieni wanangu, ukoo utakaa tarehe ishirini na nne. Mzee ana simu ya tochi. Haoni kundi, haoni beti, hajui vita iko wapi. Heri yake.

Jumanne, 11 Machi 2025

Leo nimemtungia. Kwa makusudi. Naandika hapa maana hapa hakuna wa kunisoma.

Chungu umekifunika
moto chini unawaka
mvuke ukishatoka
mtaa utakucheka.

Nane, nane, nane, nane. Kina kimoja -ka mpaka mwisho, kinagonga kama nyundo. Sikuandika shamba, sikuandika Chala, sikuandika wifi. Ndiyo utamu wa ubeti mfupi: hauna nafasi ya jina. Akilalamika ataulizwa, kwani wewe una chungu?

Amesoma saa 11:31. Saa 11:33 "anaandika". Ikazimika. "Anaandika" tena. Ikazimika. Nimekunywa chai nikiitazama simu kama televisheni. Asubuhi nzuri kuliko zote tangu msiba.

Jumatano, 12 Machi 2025

Ubeti umetembea! Asnath muuza mitumba kanionyesha simu yake: umemfikia kutoka kundi la kwaya, kutoka kundi la wauza mahindi, na kutoka kwa dada yake aliyeko Namanyere. Wengine wameunakili na kuubandika, jina langu limekatwa. Wengine wameusambaza hivihivi, juu umeandikwa *Umesambazwa mara nyingi*, na ukifika hapo simu inakuruhusu kuupeleka sehemu moja moja tu. Na bado wanaupeleka, moja moja, kama watu wanaobeba matofali.

Nimefurahi. Halafu Asnath kaniambia, "Lakini mama Elia, umemkomesha yule binti."

Binti gani?

Kacheka. Kasema, "Haya, chungu hicho. Kimefunikwa na magauni yako mwenyewe."

Tumbo la Sharon. Nimeshindwa kushona. Nimetoboa kidole.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Lucia kaja saa sita mchana. Hakubisha hodi. Kasimama katikati ya kibanda, viatu vina tope, hakuketi.

— Wewe ndiye uliyempima.
— Mama Sharon, nisikilize.
— Nilikuletea mwanangu kwako kwa sababu hukuuliza. Nikasema huyu mwanamke ana kifua. Kumbe ulikuwa unatafuta vina!

Nikamwambia haikuwa kwa Sharon. Akauliza, ilikuwa kwa nani?

Na mimi nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Nilitazama mlangoni nikaona wateja wawili wanasikiliza, nikafikiri nikitaja jina la Victoria nitaonekana mgomvi mbele ya ukoo. Nikamwambia, "Ni ubeti tu. Ni wa wote."

Lucia kasema, "Wote wana chungu kimoja mtaa huu?" Akatema mate chini, kwenye vipande vya vitambaa, akatoka.

Sharon ameondoka jana alfajiri kwenda kijijini Kate, kwa bibi yake. Hakuaga.

Alipotoka tu nimebonyeza ubeti: futa, futa kwa wote. Siku ya tatu leo, ilikuwa bado haijanifungia, umebaki muda kidogo tu. Umefutika. Sasa mahali pake pameandikwa *Ujumbe huu umefutwa*. Na hapo ndipo waliokuwa hawajaona wakaanza kuuliza ulikuwa unasema nini! Mtu mmoja akawabandikia. Ubeti wangu, bila jina langu, umerudi kwenye kundi nilikoutoa. Ule siwezi kuufuta, si wangu tena. Wala wa kwaya, wala wa Namanyere, wala ule ninaosikia umefika hata kwenye simu ya muuguzi wa kliniki.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Sikutuma kitu. Saa kumi na moja na nusu nimeamka mwenyewe, vidole vimeanza kuhesabu. Nimevikalia.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Nilitaka kuandika kwenye kundi kwamba chungu si Sharon. Nimefungua — mahali pa kuandikia hapapo. Pameandikwa ni maadmini tu wanaoweza kutuma ujumbe. Victoria amelifunga. "Kwa ajili ya amani ya Kwaresima," kaandika, na maua.

Halafu, huku sisi wote tumezibwa midomo, katuma wa kwake:

Mjane mwenye ulimi mrefu kama mchi
hutwanga watoto wa watu wasio na kosa 🌹🌹🌹

Hauna mizani. Hauna kina. Na hakuna hata neno moja la uongo.

Namchukia.

Jumatatu, 17 Machi 2025

Nimejaribu njia nyingine. Nimetengeneza orodha ya matangazo: unachagua majina, unatuma mara moja, kila mtu anaupata kwake peke yake kama barua. Nimechagua watu sabini na mmoja. Nimeandika sentensi tatu tu, si shairi: ubeti wa chungu haukumhusu binti wa mtu, nawaomba mwache kumsema, samahani.

Umewafikia kumi na tisa. Wengine tiki moja mpaka jioni. Asnath ndiye kanieleza — asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake, tangazo halimfikii kabisa. Yaani miezi minane nawaamsha watu kwa beti, na wengi hawajahifadhi hata namba yangu! Walikuwa wananisoma kwenye kundi kama wanavyosoma bango la barabarani.

Katika kumi na tisa, sita wamejibu. Wanne wameuliza: sasa ulikuwa unamhusu nani?

Sijawajibu.

Jumatano, 19 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi. Mfereji umejaa, bodaboda hazipandi.

Nimesikia kwa mpangaji wa Lucia: Sharon amevimba miguu na uso, kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli. Zahanati ya huko wamempima presha, wamesema iko juu, aletwe mjini hospitali mapema, isisubiriwe. Amekataa. Bibi yake kampigia magoti. Kakataa.

Kasema, "Sirudi kwenye mtaa utakaonicheka."

Ni mstari wangu wa nne.

Nilipima nane kamili. Nilijisifu.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Nimekwenda kwa Lucia. Hakufungua. Nimesema mlangoni, kwa sauti, sikujali nani anasikia:

— Mama Sharon, ubeti nilimwandikia Victoria. Kwa ajili ya shamba. Nilikuwa na hasira, sikumfikiria mwanao hata kidogo. Ndiyo dhambi yenyewe, sikumfikiria.

Halafu sauti yake nyuma ya mlango, karibu kabisa, kama alikuwa ameegemea hapohapo:

— Unaniambia mimi? Kwani mimi ndiye niliyecheka? Kawaambie waliocheka. Pale pale ulipousemea. Mwanangu auone kwa macho yake, kwenye kundi, na majina yao yote yakiwa yamesoma. Akiona hivyo nitamwambia apande gari. Bila hivyo harudi, mama Elia. Namjua mwanangu.

— Kundi limefungwa.

— Basi kamwombe aliyelifunga.

Nilimwendea Mzee Alois kwanza. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Mzee alisikiliza, akaniuliza kwani hilo kundi lina mlango? Nikasema lina mlango, baba, na ufunguo anao Victoria. Akasema yeye hawezi kuvunja mlango asiouona. "Nenda kwa dada wa mumeo. Nenda mwenyewe, na usiende na simu mkononi."

Nimekwenda bila simu.

Victoria alikuwa anachambua maharage. Hakunikaribisha. Nikakaa kwenye ndoo.

— Wifi, nifungulie kundi. Dakika kumi. Niseme nilikulenga wewe, si Sharon.
— Unasema nini?
— Kwamba nilikulenga wewe.
— Kwa lipi?
— Unalijua.

Akaendelea kuchambua. Mabovu huku, mazima huku. Halafu akasema taratibu, na huyo ndiye Victoria wa kuogopwa, si yule anayepiga kelele:

— Nitakufungulia kesho saa mbili asubuhi mpaka saa tatu. Utaandika hivi: *Ubeti ule nilimlenga wifi yangu Victoria, kwa uongo.* Kwa uongo, Epifania. Hayo maneno mawili yakikosekana nafunga na nakutoa kwenye kundi.

— Si uongo. Urbano analima.

— Urbano analima shamba la baba yangu. Kaka yangu alilikuta. Wewe ulikuja na sanduku.

— Nestory alilifyeka!

— Jumatatu ukoo unakaa. Utawaambia hayo. Nami nitawaonyesha ulichokiandika.

Ndipo nikaelewa. Anataka nijihukumu mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya watu themanini na watatu, siku mbili kabla ya kikao. Nikamwambia binti wa watu anaweza kufa. Akasema, "Basi usichelewe kuandika."

Nilisimama. Nilitaka kupiga teke ule ungo. Sikupiga — lakini naandika hapa kwamba nilitaka, na ningefurahi.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Saa mbili na dakika tatu. Limefunguka. Mahali pa kuandikia pamerudi. Simu iko mezani, daftari liko gotini, naandika huku na huku.

Nimejaribu kwanza kwa ubeti. Mazoea. "Chungu kile si cha mwana..." Nimefuta. Msamaha ukiwa na kina unasikika kama majigambo.

Nimeandika kawaida:

Ubeti wa chungu niliutunga mimi, Epifania. Nilimlenga wifi yangu Victoria. Haukumhusu Sharon wala mama yake. Aliyemcheka Sharon amemcheka kwa kosa langu.

Sentensi nne. Haifiki *Soma zaidi*. Kwenye kioo cha Lucia inaonekana yote bila kubonyeza.

Saa mbili na kumi. Sijatuma. Maneno mawili hayamo. Nimeyaandika, nimeyafuta. Nimeyaandika tena. Nikiyaweka, shamba la Nestory limekwenda. Nisipoyaweka, Victoria anafunga, pengine anafuta kabisa — admini anaweza kufuta hata ujumbe wa mwenzake — na Sharon haoni kitu.

Lucia yuko mtandaoni. Ananiandikia pembeni: "Amka kichwa kinamuuma zaidi. Gari ya Kate inaondoka saa tatu." Ameandika "amka" badala ya "ameamka".

Saa mbili na kumi na nne. Nimetuma. Na "kwa uongo" imo. Nilimlenga wifi yangu Victoria, kwa uongo.

Tiki mbili. Wanne wamesoma. Kumi na mmoja. Ishirini. Hakuna kopa, hakuna kicheko. Sijawahi kuona hivyo.

Victoria ameweka kidole gumba. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika kwenye kundi hili! Kidole gumba kimoja, cha njano, kimekaa juu ya jina la mume wangu — hapana, juu ya jina langu. Nimeona vibaya.

Saa mbili na kumi na tisa. Lucia ameusambaza Kate. Kanitumia picha ya kioo, naona tiki mbili za buluu, umesomwa kwenye simu ya bibi. Hajaniandikia neno la ziada. Halafu kaandika: "Anavaa viatu."

Anavaa viatu. Nimelia, na makamasi yamedondokea daftari hapa.

Saa mbili na ishirini na mbili. Ujumbe uliokwisha kusambazwa Kate hauhaririki tena. Utabaki vile vile alivyousoma, hata mimi nikibadili wa huku. Ni ujumbe mwingine sasa, wa Lucia.

Lakini huu wa kwenye kundi ni wangu bado. Nimeubonyeza, nimeushikilia. Imetokea: *Hariri*.

Maneno mawili tu. Kila mtu ataona chini yake *Umehaririwa*, na Victoria ataona, na kikao ni keshokutwa. Sharon hatapungukiwa kitu, yuko kwenye viatu vyake. Gari linaondoka saa tatu. Na akifika stendi, na watu wa mtaa huu wamekwisha kuona tunavutana tena, mimi na Victoria, juu ya jina lake?

Nestory alilifyeka. Kwa mikono yake.

Saa mbili na ishirini na sita. Zimebaki dakika tatu za kuhariri. Kidole kiko juu ya neno "kwa". Victoria anaandika…